Kuruka kamba: mabega yanawaka moto kabla ya miguu kuchoka. Nakosea wapi?

Alfajiri_Raskazone (mleta uzi)

Wakuu habari za humu. Nipo Tanga mjini, Chumbageni. Nina miaka 36, kilo 74, urefu sentimita 172. Mwezi wa pili huu narudia kuruka kamba kila alfajiri baada ya swala, pale ufukweni Raskazone, kwa sababu barabarani pikipiki zimekuwa nyingi na mbio siziwezi tena kwa raha.

Tatizo langu ni hili. Nikifika mruko wa 40 hivi, mabega yote mawili yanawaka kama nimebeba ndoo za maji. Pumzi ninayo, miguu bado ina nguvu, lakini mikono inakataa. Kesho yake asubuhi nikiamka mashavu ya miguu yamekaza kama mawe, nashuka ngazi kwa kushika ukuta. Kamba yangu ni ya mkonge, nimeikata mwenyewe na kufunga fundo kila ncha.

Kila nikiuliza naambiwa "zungusha kwa kifundo cha mkono, usitumie mkono mzima." Nimejaribu. Nikitumia kifundo peke yake kamba haiji kabisa, inadondoka nyuma ya visigino. Sasa hao wanaorusha kwa kifundo wanafanyaje? Na kwa nini mashavu ya miguu yaume hivi wakati miruko yenyewe ni 40 tu? Naomba mwenye kujua anieleze sababu, maana amri nimeshazisikia za kutosha.

---

NgumiJiwe

Mkuu, mimi ni bondia wa ridhaa, miaka sita sasa. Kosa lako liko wazi: unaruka na mikono. Banisha viwiko kwenye mbavu, shika kamba kwa nguvu isikutoke, halafu kifundo cha mkono peke yake ndicho kizunguke. Miguu, simama juu ya vidole, kisigino kisiguse chini kamwe. Na uanze polepole, mruko mmoja kwa sekunde, ukizoea ndiyo uongeze kasi. Mashavu kuuma ni kawaida, yanajengeka hayo.

---

Kitambi_Kwaheri

Na mimi nifuatilie hapa. Kwa hiyo kwa siku niruke mingapi ili tumbo liishe? Nimeambiwa 1,000.

---

Kano_na_Kifundo

Kitambi_Kwaheri, tumbo lina uzi wake, na chakula kitahusika huko kuliko kamba. Hapa tumsaidie huyu wa mabega kwanza.

Alfajiri, kabla sijasema lolote nakuomba ufanye kitu kimoja. Mimi ni mtu wa fiziotherapia na sipendi kumrekebisha mtu ambaye sijamwona. Mpe mtu simu akurekodi kwa mwendo wa polepole, simu iwe chini, usawa wa vifundo vya miguu, mita mbili kutoka ulipo. Angalia kwenye mipangilio kama simu inarekodi fremu 240 kwa sekunde au 120, maana hesabu inategemea hapo. Halafu pitisha fremu mojamoja: hesabu tangu vidole vinaachana na ardhi hadi vinaigusa tena, kisha tangu vinagusa hadi vinaachana tena. Fanya kwa miruko mitano, uchukue ya katikati. Rekodi nyingine ukiwa umetazamwa kwa mbele, ili tuone viganja viko umbali gani na nyonga.

---

Alfajiri_Raskazone

Nimefanya leo, mpwa wangu karekodi. Simu ni fremu 240. Nilirukia kwenye sakafu ya uani maana kwenye mchanga miguu ilizama, haikuonekana vizuri.

Hewani fremu 78. Chini fremu 94. Picha ya mbele inaonyesha viganja viko mbali na nyonga kwa shubiri nzima kila upande, na vikizunguka vinachora duara kubwa kama sinia la pilau. Nilishtuka, maana nikiruka najiona nimebana.

---

Kano_na_Kifundo

Asante, hizo namba mbili zimesema karibu kila kitu. Tulia nikupeleke taratibu.

Fremu 78 ni sekunde 0.325 hewani. Ukichukua muda wa hewani, ukauzidisha kwa wenyewe, ukazidisha tena kwa 1.23, unapata kimo ulichoruka kwa mita, ilimradi hukukunja magoti ukiwa juu. Kwako inatoka sentimita 13. Kamba yako hata kama ni nene, haizidi kidole kimoja. Yaani unaruka sentimita 13 ili kupisha kitu cha sentimita moja.

Fremu 78 ukijumlisha 94 ni 172, kwa hiyo mruko mmoja unakula sekunde 0.72, na hiyo ni miruko 84 hivi kwa dakika. Zidisha: 84 mara sentimita 13 ni karibu mita 11. Kila dakika unaubeba mwili wako wa kilo 74 kimo cha mita 11, kama mtu apandaye ghorofa tatu na zaidi, tena kwa kurukaruka. Mtu anayeruka vizuri huenda miruko 130 kwa dakika, kimo sentimita 4. Huyo anajipandisha mita 5 tu na kidogo. Anaruka mara nyingi kuliko wewe na anafanya nusu ya kazi yako.

Sasa kwa nini unaruka juu hivyo? Hukupenda. Kamba imekulazimisha, na kamba imelazimishwa na mikono. Fanya jaribio hili bila kuruka. Shika kamba viganja vikiwa usawa wa kifua, karibu na mwili, ukiirefusha au kuifupisha hadi tumbo lake liguse sakafu kidogo tu. Halafu tanua viganja shubiri moja kila upande bila kuvipandisha. Tumbo la kamba litanyanyuka. Kwa kamba ya mita 2.7 hivi, litapanda kama sentimita 7 au 8. Kamba inayozunguka haina umbo lilelile la kamba inayoning'inia, lakini jambo lenyewe ni hilohilo: viganja vikienda nje, kamba inakuwa fupi. Miguu yako imejifunza yenyewe kwamba isiporuka juu itanaswa, na imezoea hivyo bila kukuuliza.

Kwa hiyo mashavu ya miguu yanauma kwa sababu ya mabega. Ni kosa moja lenye sehemu mbili za kuuma.

---

Alfajiri_Raskazone

Hili la kamba kunyanyuka nimelijaribu sasa hivi sebuleni. Imepanda kweli, upana wa kiganja hivi. Lakini bado hujanijibu la kwanza: nikibana mikono na kutumia kifundo, kamba haiji.

---

MzeeWaUlingo

Kijana, hapo niachie mimi. Nimefundisha ngumi Makorora tangu hujazaliwa.

Kamba yako ndiyo inakataa. Mkonge ni mgumu, na wewe umeufunga fundo ukaukamata ndani ya ngumi. Kamba inataka kujizungusha pale inapotokea mkononi, wewe umeifumbata, haina pa kugeukia. Inajikunja hapo mwanzoni na kushindana na mkono wako kila mzunguko. Kifundo cha mkono hakina nguvu ya kulilazimisha jambo hilo, ndiyo maana bega linaitwa. Hata mimi ukinipa kamba hiyo nitatumia bega.

Kata paipu ya plastiki ya nusu inchi, vipande viwili, kila kimoja urefu wa sentimita 13 hivi. Pitisha kamba ndani, weka washa, ile pete bapa yenye tundu, kwa nje ya paipu, funga fundo baada ya washa. Sasa unashika paipu, kamba inajizungukia humo ndani bila kukusumbua. Na uachane na mkonge, najua sisi watu wa Tanga tumekua nao, lakini kwa kazi hii chukua kamba ya plastiki ya milimita 5 iliyojaa ndani. Ina uzito wa kutosha kuhisi iko wapi na haikunjamani.

Urefu: ikanyage katikati kwa mguu mmoja, vuta juu. Mwisho wa vishikio ufike kwapani. Ukishakuwa hodari utaipunguza hadi kifuani, leo usiipunguze.

Halafu ushike kama unavyoshika kikombe cha kahawa kwa wauza kahawa wetu, kile kidogo, cha moto. Ukikibana kitakuunguza, ukikilegeza kitamwagika. Na duara la mkono wako liwe kama mdomo wa kikombe hicho hicho, lisizidi.

---

NgumiJiwe

Shikamoo mzee. Nilimwambia ashike kwa nguvu ili isimtoke, kumbe ndiyo kosa?

---

MzeeWaUlingo

Marahaba mwanangu. Wewe una beringi kwenye vishikio vyako vya dukani, ndiyo maana unashika kwa nguvu na bado inazunguka. Lakini hata wewe, siku ya raundi ya nane mkono utakudai.

---

Kano_na_Kifundo

Mzee amesema kweli na ninaongezea sababu ya mwilini. Misuli inayofumba vidole iko huku juu kwenye mkono wa mbele, na nyuzi zake zinavuka kifundo kwenda vidoleni. Kunja ngumi kwa nguvu zako zote halafu jaribu kuzungusha kifundo. Utaona kimekuwa kama kimefungwa bendeji. Legeza vidole, kinaachia. Kwa hiyo "shika kwa nguvu" na "zungusha kwa kifundo" ni amri mbili zinazopingana.

Na hiyo "kifundo peke yake" nayo ichukuliwe kwa kiasi. Ukimtazama mrukaji mzuri kwa mwendo wa polepole, mkono wa mbele nao unajipindua kidogo, kama mtu anayezungusha funguo kwenye kufuli, na kiwiko kinatikisika. Kinachotulia kabisa ni bega. Mzunguko wa kwanza wa kuiamsha kamba unaruhusiwa kutumia mkono. Ikishazunguka, kazi yako ni ndogo sana: unairudishia tu kile ambacho hewa imeinyang'anya. Kiganja kinatangulia kamba kidogo na kuivuta, kama mtoto anayezungusha jiwe kwenye uzi. Ukiutazama mkono wake, unacheza kidogo tu, jiwe ndilo linazunguka duara kubwa.

Linganisha uzito. Mkono mzima wa binadamu, kuanzia bega, ni kama asilimia 5 ya mwili. Kwako ni kilo 3.7 hivi. Kiganja peke yake hakifiki nusu kilo. Kamba ya plastiki aliyotaja mzee, ukiacha vishikio, haifiki gramu mia. Ulikuwa unazungusha kilo 3.7 kila upande ili kusogeza kamba nyepesi, na kilo hizo zinaning'inia kwenye msuli wa bega muda wote kwa sababu mikono umeitanua. Ndoo za maji ulizozitaja mwanzoni ndizo hizo.

---

Kitambi_Kwaheri

Kwa hiyo kamba nzito ya kilo nzima zile za dukani ni kosa? Mimi ninayo.

---

Kano_na_Kifundo

Si kosa, ni zoezi lingine. Kamba ya uzito huo inataka kiwiko na bega, na ilitengenezwa kwa ajili hiyo. Usiitumie kujifunzia mdundo.

---

NgumiJiwe

Haya, la mikono nimekubali. Lakini la kuanza polepole nalisimamia. Mtu anayejifunza aende mruko mmoja kwa sekunde. Na kisigino kisiguse. Ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo ninavyofundisha.

---

Kano_na_Kifundo

La polepole hebu tulichimbue, maana hapo ndipo penye utamu wa kamba yote.

Shavu la mguu lina misuli miwili mikubwa. Wa juu umeshikilia juu ya goti, wa chini umeanzia chini ya goti, na yote miwili inaungana kwenye kano moja nene inayoshika kisigino. Kano ile inavutika kidogo na kurudi, na inaporudi inakurejeshea sehemu kubwa sana ya nguvu uliyoiwekea, zaidi ya tisa kwa kumi. Ifikirie kama mpira wa manati, na msuli ndio mkono ulioshika mti wa manati. Ukitua, uzito wako unavuta mpira. Msuli haufanyi safari ndefu, unakaza tu ili mti usisogee. Mpira unajirudia, nawe uko juu tena. Hiyo ndiyo sababu mruko mdogo unakuwa rahisi: sehemu kubwa ya kazi inafanywa na kitu kisichochoka haraka.

Sasa manati hiyo ina mwendo wake. Mtu mzima akiachwa adunde mwenyewe kwa miguu miwili, bila kamba na bila kuamriwa, mara nyingi anaangukia midundo miwili na ushee kwa sekunde, yaani kati ya 120 na 135 kwa dakika. Ukimwambia aende 60 kwa dakika, ana njia tatu. Aruke juu sana ili akae hewani. Akae chini muda mrefu, magoti yakunjike, mpira wa manati upoe na msuli uanze upya kutoka sifuri. Au adunde mara mbili kwa kila mzunguko wa kamba, mdundo mmoja wa kamba na mwingine wa bure. Mbili za mwanzo zinachosha kuliko kasi yenyewe. Alfajiri alikuwa anafanya zote mbili kwa wakati mmoja: sentimita 13 juu, na sekunde 0.39 chini.

Kwa hiyo anayejifunza na aende polepole kwa njia ya tatu, midundo miwili kwa mzunguko. Kamba inakwenda taratibu, miguu inabaki kwenye mwendo wake wa asili. Au aweke kamba chini kabisa, adunde bila kamba akipiga makofi, hadi mdundo ukae mwilini.

---

NgumiJiwe

Nimekuelewa. Ndiyo maana wanangu wapya huchoka upesi nikiwapunguzia mwendo, nilidhani ni uvivu. Na kisigino?

---

Kano_na_Kifundo

Kutua ni kwa sehemu ya mbele ya unyayo, tuko pamoja. Lakini ukikaa juu ya ncha za vidole muda wote, manati haina nafasi ya kuvutika. Msuli unakaza bila kupumzika, na ndiyo yale mawe ya asubuhi. Mimi huwaambia watu waache kisigino kishuke hadi kikaribie sakafu. Kikibusu sakafu si dhambi. Kikigonga kwa sauti, hapo kuna tatizo.

---

MzeeWaUlingo

Mimi kubusu siruhusu. Bondia akizoea kubusu, raundi ya mwisho anakaa juu ya visigino na anapigwa. Unaweza kuwa sahihi kwa mtu wa mazoezi ya afya, kwa mtu wa ulingoni nabaki na langu.

---

BintiWaBagamoyo

Samahani kwa kuingilia, nasoma huu uzi tangu mwanzo. Mimi niko Bagamoyo, huwa naruka kwenye mchanga ulioloa maji yakishatoka. Nina maumivu ya kano nyuma ya mguu wa kulia, mwezi wa tatu. Nilisoma mahali kwamba dawa ni kusimama kwenye ukingo wa ngazi kwa vidole na kushusha kisigino chini ya ngazi, mara 15 seti tatu, asubuhi na jioni kwa wiki 12. Nimefika wiki ya nne na naona linazidi. Niendelee?

---

Kano_na_Kifundo

Dada, bonyeza kwa kidole uniambie panapouma ni wapi hasa. Ni kwenye nyama ya kano, vidole vitatu au vinne juu ya kisigino, au ni pale pale kano inaposhika mfupa?

---

BintiWaBagamoyo

Pale pale kwenye mfupa. Hata kiatu chenye mgongo mgumu kinaniumiza.

---

Kano_na_Kifundo

Basi zoezi ulilosoma ni zuri ila ni la mwenzako. Mpango huo wa wiki 12 ulitolewa mwaka 1998 na unawafaa wengi wanaouma katikati ya kano. Anayeuma pale kwenye mfupa, kila akishusha kisigino chini ya ukingo wa ngazi, kano inabanwa kwenye mfupa huohuo unaouma. Fanya zoezi lilelile kwenye sakafu tambarare, kisigino kikome sakafuni. Weka kipande cha kitambaa kigumu ndani ya viatu kuinua visigino vyote viwili kidogo. Kamba iache kwanza. Kipimo chako kiwe asubuhi: hatua za kwanza kutoka kitandani zikiwa ngumu kuliko jana, jana ulizidisha. Na umwone mtaalamu wa viungo akushike kwa mikono, mimi nakusoma tu.

---

Sindano_Moja

Mimi ni muuguzi. Dada, kuna dawa yoyote ya bakteria umetumia karibuni? Nauliza kwa sababu siprofloksasini na ndugu zake zina onyo la kudhuru kano, hasa hiyo ya kisigino, na hatari inazidi kwa wenye umri wa miaka zaidi ya 60 na wanaotumia dawa za steroidi. Na kwa wote: ukisikia kama umepigwa jiwe nyuma ya mguu ghafla, halafu ukashindwa kusimama kwa vidole vya mguu huo, ni hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri kesho.

---

BintiWaBagamoyo

Hapana sijatumia. Asanteni sana, naanza na sakafu leo. Je, mchanga wa maji kupwa una ubaya?

---

Kano_na_Kifundo

Ule uliokazana una nafuu kuliko mchanga mkavu. Mchanga laini unakula nguvu: unapotua unasogea badala ya kukurudisha, kwa hiyo manati haina cha kuivuta na msuli unalipa gharama yote. Kamba nayo ikigusa inazama na kupoteza mwendo, mkono unaitwa tena. Alfajiri, hii inakuhusu wewe zaidi kuliko dada. Uwanja wa udongo uliokanyagwa unatosha. Ukiwa na saruji tu, tandika ubao wa plaiwudi juu yake.

---

Alfajiri_Raskazone

Nimeshahama ufukweni tangu juzi. Nipeni sasa la kufanya kwa haya mashavu ya miguu. Na niruke kiasi gani?

---

Kano_na_Kifundo

Jipime kwanza. Simama mguu mmoja, goti limenyooka, gusa ukuta kwa vidole viwili tu, panda hadi juu kabisa na ushuke. Mtu mzima mwenye afya tunatarajia afikishe 25 hivi kwa kila mguu. Wewe unafika ngapi?

---

Alfajiri_Raskazone

Kulia 17. Kushoto 11, halafu nikaanza kuinama mbele.

---

Kano_na_Kifundo

Ukianza kuinama tunaacha kuhesabu, kwa hiyo 11 ni halali. Siku moja ndiyo, moja hapana: seti tatu za goti lililonyooka, seti tatu za goti lililokunjwa kidogo. La kukunja goti watu hulisahau, na ndilo linaloufikia ule msuli wa chini, ambao kwenye midundo midogo unafanya kazi nyingi. Sekunde mbili kupanda, tatu kushuka. Mguu wa kushoto uanze, na kulia usizidishe idadi ya kushoto.

Kamba: nusu dakika kuruka, nusu dakika kupumzika, mara kumi. Hiyo ni miruko 650 hivi kwa mwendo mzuri, na kila mruko miguu yako inapokea kwa sekunde ndogo nguvu ya mara mbili na nusu ya uzito wako, ikigawana. Usiongeze kwa wiki mbili hata kama unajisikia vizuri. Msuli unazoea kwa wiki chache, kano inachukua miezi, na pengo hilo ndilo linalowaumiza wenye bidii. Ukipata maumivu kwenye muundi, pitisha kidole: yakisambaa kwenye eneo refu, punguza. Yakiwa sehemu moja ndogo ya mfupa unayoweza kuifunika kwa ncha ya kidole, acha kabisa ukachunguzwe.

---

Alfajiri_Raskazone

*(wiki tano baadaye)*

Wakuu nimerudi na hesabu. Kamba ya plastiki milimita 5, vishikio vya paipu kama alivyosema mzee, uwanja wa udongo, ubao juu yake. Wiki ya kwanza nilidunda bila kamba tu, napiga makofi.

Leo: hewani fremu 43, chini fremu 67. Nimekokotoa mwenyewe, ni sentimita 3.9, na miruko 131 kwa dakika. Nimeenda dakika mbili mfululizo na mabega sikuyakumbuka hadi niliposimama. Asubuhi mashavu yana uchovu wa kawaida. Kupanda na kushuka kwa mguu mmoja: kulia 24, kushoto 18.

Kilichobaki: kila nikinaswa, nanaswa mguu wa kushoto. Picha ya mbele inaonyesha kiganja cha kushoto kinaanza vizuri, lakini baada ya dakika moja kinatoroka nje na kushuka nyuma ya nyonga. Cha kulia hakisogei. Je, ni mkono dhaifu au ni kwa sababu mguu wa kushoto ni dhaifu na mwili unaegemea?

---

NgumiJiwe

Mkono. Mimi nilikuwa hivyo. Shika vishikio vyote viwili kwa mkono wa kushoto, zungusha kamba ubavuni bila kuruka, mizunguko 100, huku umebana leso kati ya kiwiko na mbavu. Leso ikianguka, unaanza upya.

---

Kano_na_Kifundo

Zoezi la leso ni zuri, lifanye. Lakini siko tayari kusema ni mkono. Rekodi kwa nyuma, dakika ya pili, uangalie mshipi wa suruali: ukiinama upande mmoja kila unapotua, basi tunarudi kwenye mguu.

---

MzeeWaUlingo

Na upime kamba upya. Plastiki ikikaa juani inalegea na kurefuka, na paipu moja inaweza kuwa imekula fundo kuliko nyingine. Nimeona kijana akisahihishwa mkono mwezi mzima, kumbe kamba upande mmoja inakwama ndani ya kishikio.

---

Alfajiri_Raskazone

Mzee, nimeenda kuangalia sasa hivi. Washa ya kushoto imepinda na kamba haizunguki vizuri kama ya kulia. Nabadilisha leo, leso nafanya jioni, na kesho alfajiri mpwa wangu atarekodi kwa nyuma. Nitaleta fremu.